Shajara ya mradi: gurudumu la mwezi lenye meno 59, Jambiani

Hiki ni kifaa cha mbao cha kuonyesha mwezi umefikia wapi. Kuna diski iliyopakwa buluu iliyoiva, ina miezi miwili ya manjano iliyotazamana, imekaa nyuma ya ubao wenye dirisha. Kila jioni baada ya adhana ya Magharibi mtu anasukuma jino moja. Kwenye dirisha mwezi unatoka upande mmoja, unajaa, unazama upande wa pili, kisha wa pili unafuata. Alama nyekundu pembeni zinaonyesha siku za bamvua. Kitakaa kwenye banda la kina mama wa mwani, wanakoweka kamba na taitai, ili wajue mapema wiki gani maji yatapwa vya kutosha kushuka shambani. Naandika hatua moja moja kila inapomalizika, na hesabu zake, kwa atakayetaka kutengeneza cha kwake.

24 Agosti 2025: meno 30 hayafai

Gurudumu la majaribio lilikuwa na meno 30 na mwezi mmoja. Kugawa duara sehemu 30 ni kazi ndogo: bikari inakupa sita, kila moja unaigawa tano. Nililianzisha 27 Mei, siku ambayo mwezi ulikuwa giza asubuhi saa 12:02. Jana, 23 Agosti, mwezi umekuwa giza tena saa 3:06 asubuhi, ukiwa umekamilisha mizunguko mitatu. Gurudumu bado linataka karibu siku mbili kufika pale.

Hesabu yake ni hii. Toka giza hadi giza mwezi huchukua kwa wastani siku 29, saa 12 na dakika 44. Gurudumu la meno 30 linachukua siku 30 kamili, kwa hiyo linachelewa saa 11 na dakika 16 kila mwezi. Kwa miezi mitatu hiyo ni saa 34 hivi. Mimi nimeona saa 45. Saa 11 zilizozidi nimeziandika hapa na nimeziacha kwanza, kwa sababu kosa kubwa ni la meno na hilo ndilo la kutibu.

Kijana anayenisaidia msasa aliuliza kwa nini simu yake inasema mwezi huzunguka dunia kwa siku 27 na theluthi, halafu mimi nasema 29 na nusu. Zote ni kweli. Tazama saa ya ukutani: mshale mrefu unamaliza duara kwa dakika 60, lakini ukianza pamoja na mshale mfupi saa sita kamili, hawakutani tena hadi dakika 65 na nusu zipite, maana mfupi nao umesogea. Mwezi ndio mshale mrefu. Ukirudi kwenye nyota ile ile baada ya siku 27 na theluthi, jua halipo tena pale ulipoliacha, limesogea karibu nyuzi 27. Mwezi unalikimbiza siku mbili na zaidi kidogo ndipo unalifikia. Sura ya mwezi tunayoiona inategemea umekaaje na jua, hivyo muda wa kuhesabia ni huu mrefu.

31 Agosti 2025: kugawa duara sehemu 59

Nusu jino halipo, kwa hiyo dawa ni kuchukua miezi miwili kwa pamoja: siku 59. Meno 59, miezi miwili ya kuchora, na gurudumu likizunguka mara moja mwezi umekufa na kuzaliwa mara mbili. Ndivyo zinavyofanya saa nyingi za mkononi zenye dirisha la mwezi.

Tabu ni kwamba 59 haigawanyiki kwa kitu. Bikari haisaidii. Nilijaribu kupima kwa kipimapembe, nyuzi 6.1 kila jino, na vikosa vidogo vikajikusanya hadi jino la mwisho likatoka nusu ya wenzake.

Njia iliyokubali ni ya utepe. Nilikata utepe mrefu wa karatasi ngumu, nikaweka alama kila milimita 12 kwa rula moja bila kuiinua ovyo, alama 59. Urefu wake ni milimita 708. Gawa kwa 3.1416 unapata kipenyo cha milimita 225.4. Nikakata diski ya plaiwudi ya milimita 228, nikaipunguza kwa msasa huku nikiizungushia utepe, mpaka ncha mbili zikagusana bila kupandana. Kisha nikabandika utepe ukingoni na kuhamisha alama kwa kisu. Kosa lolote la rula linabaki kwenye jino lake, halimsukumi jirani.

Meno nimeyakata kwa mlalo kama ya msumeno: upande mmoja umesimama wima, upande mwingine unateleza. Ulimi wa mti mgumu wa mfenesi, unaobanwa na springi ya kalamu, unaruhusu gurudumu kwenda mbele tu. Kila jino nimeliandika namba kwa nyuma, kuanzia 0 hadi 58. Namba hizi ziliokoa kazi nzima baadaye, usiziruke.

7 Septemba 2025: kupatwa kwa mwezi

Usiku huu mwezi umepatwa wote. Ulianza kufunikwa kabisa saa 2:30, ukabaki mwekundu kama shaba hadi saa 3:52. Kwa mradi huu ni usiku wa thamani, maana upevu wa mwezi ni vigumu kuusoma kwa jicho. Usiku wa kabla na wa baada mwezi unaonekana mviringo vile vile. Lakini unapopatwa, dunia iko katikati ya jua na mwezi, kwa hiyo unajua kwa dakika kuwa ndio umepevuka. Jedwali la falaki linasema upevu ulikuwa saa 3:09 usiku, kupatwa kukafika kilele saa 3:12.

Gurudumu halikuwa tayari, vanishi bado inanata. Nimeandika saa na kungoja giza la tarehe 21.

Mzee mmoja aliyekaa nasi barazani alishauri nianzie mwandamo, kama ilivyo kwa mfunguo mosi na miezi mingine. Kwa ibada ndivyo, na gurudumu hili halina ruhusa ya kuingilia hapo. Kwa kifaa, mwandamo una matatizo: kuonekana kwake kunategemea mawingu, jicho la mtu, na mwezi umeachana na jua kiasi gani hadi Magharibi. Hilali yenye umri wa saa 20 na yenye saa 40 zote huitwa usiku wa kwanza. Hiyo ni tofauti ya karibu jino zima kabla hujaanza.

21 Septemba 2025: limewekwa

Mwezi umekuwa giza usiku huu saa 4:54. Jioni, Magharibi, nimeweka jino 0 chini ya ulimi na dirisha linaonyesha buluu tupu. Bado saa nne na nusu giza lenyewe lifike, nikaona ni kidogo.

Dirisha lilinitaka marekebisho. Chini yake kuna matuta mawili ya mviringo, moja kila upande, ndiyo yanayoumega mwezi uwe hilali. Tuta likiwa dogo kuliko mwezi uliochorwa, siku ya giza kunabaki kipande cha manjano kikichungulia. Nimeyaongeza hadi kipenyo cha tuta kikawa sawa na cha mwezi pamoja na milimita mbili.

Alama nyekundu za bamvua nimeziweka kuanzia siku ya kwanza hadi ya nne baada ya giza, na vivyo hivyo baada ya mpevu. Maji huchelewa kuufuata mwezi siku moja au mbili, hivyo kupwa kukubwa zaidi hakuji siku yenyewe ya mpevu. Katikati ya alama nyekundu kuna za bluu za maji mafu, ambapo shamba la mbali halifikiki.

23 Novemba 2025: unyevu, na neno la shangazi

Mvua za vuli zimelishinda gurudumu. Plaiwudi imevimba ukingoni, tabaka zimeanza kuachana kwenye meno, na ulimi unaganda. Vanishi nilipaka juu na chini lakini ndani ya meno, pale msumeno ulipopita, niliipitisha mara moja tu, na hapo ndipo hewa ya bahari ilipoingilia. Kina mama walipoona halisogei waliendelea kuhesabu kwa mistari ya mkaa ukutani. Walifanya vizuri.

Jipya ni la ubao wa plastiki wa kukatia mboga, ule mzito mweupe, unene wa milimita 10. Haunywi maji. Unakatika polepole, na ukiharakisha msumeno plastiki inayeyuka na kushika nyuma ya uzi, kwa hiyo nimekata kidogo kidogo na kumalizia kwa tupa. Rangi haishiki juu yake, kwa hiyo nimetenganisha: gurudumu la meno ni plastiki, diski ya picha ni plaiwudi nyembamba iliyofungwa mbele yake kwa skrubu tatu. Nilihesabu mistari ya mkaa, nikasoma namba ya jino lililokwama, nikajumlisha, nikalianzisha jipya kwenye jino linalostahili.

Siku hiyo ya kufunga shangazi yangu alikuwa akikagua alama nyekundu. Akasema, "Mwanangu, rangi zako zinadanganya. Bamvua la mpevu uliopita maji yalitoka mpaka kule kwenye mwamba. Hili la giza tumengoja, hayakutoka ile kutoka. Wewe umeyapaka sawa sawa."

Nikamwambia siku nimepata, kiasi cha maji sijakiahidi. Lakini neno lake nimeliandika kwa sababu lina maelezo. Tarehe 5 Novemba mwezi ulipevuka siku ile ile ulipokuwa karibu sana na dunia, kilomita 357,000 hivi. Tarehe 20 ulikuwa giza ukiwa mbali, zaidi ya kilomita 406,000. Mwezi wa karibu huvuta maji zaidi. Kwa hiyo nimepunguza urefu wa alama nyekundu? Hapana, kwa sababu mwaka ujao zamu hugeuka na giza ndilo litakuwa na maji makubwa. Alama zimebaki.

18 Februari 2026: gurudumu limetangulia

Jana, 17 Februari, mwezi umekuwa giza saa 9:01 alasiri. Magharibi umri wake ulikuwa saa tatu na dakika arobaini, yaani hakuna jicho la kuuona. Gurudumu nalo linaonyesha hilali ya siku moja na nusu. Kina mama wengine walishaanza kulitania.

Cha kwanza kinachoshukiwa ni mkono: labda kuna jioni jino limesukumwa mara mbili. Hili linapimika. Toka jioni ya 21 Septemba hadi jioni ya 17 Februari ni siku 149. Gurudumu likizunguka mara mbili ni meno 118, inabaki 31. Nikageuza: chini ya ulimi kuna jino 31. Hakuna aliyekosea, hata wakati wa mistari ya mkaa.

Kwa hiyo kosa liko kwenye hesabu yenyewe. Nimelipasua vipande. Gurudumu linasema mwezi una siku 1.5, yaani saa 36. Kweli ni saa 3 na dakika 40. Tofauti ni saa 32 na ziada kidogo, na zimetoka sehemu tatu.

Kipande cha kwanza ni saa nne na nusu za siku ya kuanza, zile nilizoziona kidogo.

Cha pili ni meno. Gurudumu linahesabu miezi mitano kuwa siku 147 na nusu, wakati wastani wa kweli ni siku 147, saa 15 na dakika 40. Hiyo ni saa tatu na dakika 40.

Cha tatu ndicho kikubwa, saa 24 na nusu, na hakihusiani na seremala. Hii hapa miezi mitano ilivyokwenda, giza hadi giza, kwa saa zetu:

21 Septemba saa 4:54 usiku hadi 21 Oktoba saa 9:25 alasiri: siku 29, saa 16 na dakika 31.
Hadi 20 Novemba saa 3:47 asubuhi: siku 29, saa 18 na dakika 22.
Hadi 20 Desemba saa 10:43 alfajiri: siku 29, saa 18 na dakika 56.
Hadi 18 Januari saa 4:52 usiku: siku 29, saa 18 na dakika 9.
Hadi 17 Februari saa 9:01 alasiri: siku 29, saa 16 na dakika 9.

Hakuna hata mmoja uliokaa kwenye wastani wa saa 12 na dakika 44. Yote mitano ni mirefu, kwa mfululizo, na ziada yao ikijumlishwa ni siku nzima na nusu saa juu yake. Na ile miezi mitatu ya Mei hadi Agosti, niliyoacha saa 11 bila maelezo, ilikuwa kinyume: saa 7 na nusu, saa 8 na dakika 40, saa 10 na dakika 55 juu ya siku 29. Mifupi yote.

Sababu ni ile ile ya shangazi. Mwezi ukiwa mbali na dunia huenda polepole, ukiwa karibu huenda mbio. Kumbuka kila mwezi una ile safari ya ziada ya kulifikia jua, karibu nyuzi 29 baada ya kumaliza duara. Toka Oktoba hadi Januari giza lilikuwa likitokea mwezi uko upande wa mbali, kwa hiyo kipande cha mwisho cha kulikimbiza jua ulikiendea kwa mwendo wa kobe. Juu ya hapo, mwanzoni mwa Januari dunia iko karibu na jua kuliko wakati wowote wa mwaka, na jua linaonekana kusogea haraka kidogo kati ya nyota, hivyo mbio ikarefuka. Maji ya giza yaliyokataa kutoka Novemba yalikuwa yanatuambia kuwa miezi inayohesabiwa giza kwa giza itarefuka.

Mpevu ulifanya kinyume. Toka 7 Septemba hadi 7 Oktoba saa 12:48 asubuhi ni siku 29, saa 9 na dakika 39, na hadi 5 Novemba saa 10:19 jioni ni siku 29, saa 9 na dakika 31. Mwezi ule ule, majira yale yale, ukihesabu kwa mpevu ni mfupi, ukihesabu kwa giza ni mrefu.

22 Februari 2026: kurudisha jino moja

Kipande cha meno kinajulikana dawa yake. Mzunguko mmoja wa gurudumu ni siku 59, miezi miwili ya kweli ni siku 59, saa 1 na dakika 28. Gurudumu linatangulia saa moja na dakika 28 kila mzunguko, na siku nzima hutimia baada ya siku 964, yaani miaka miwili na miezi minane hivi. Jioni moja unaacha bila kusukuma, basi. Anayejua kalenda ya hijria ya hisabu atatambua jambo: miezi ya 30 na 29 kwa zamu ni siku 59 kila miwili, sawa na meno yangu, na ndani ya miaka 30 huongezwa siku 11. Miaka hiyo 30 ina siku 10,631. Gawa kwa 11 unapata 966. Waliopanga ile hesabu walikutana na tatizo hili hili na wakalirekebisha kwa kiasi hiki hiki.

Niliwaza kutengeneza meno 135, kama zilivyo saa za gharama, ambazo hukosea siku moja kwa zaidi ya miaka 120. Nimeacha. Zinataka gia nyingine ndogo kati, na plastiki ya kukatia mboga haitoi gia ndogo nzuri. Tena usahihi huo haugusi kosa la tatu. Meno yoyote, hata elfu, yanakupa wastani, na mwezi wenyewe huuzunguka wastani huo kwa kutangulia au kuchelewa hadi saa 14 hivi.

Lililobaki ni kuanzia mahali pazuri. Mwezi wa Septemba giza lilikuwa limewahi sana. Utaona kwa kupima nusu: toka mpevu wa tarehe 7 hadi giza la tarehe 21 ni siku 14, saa 1 na dakika 45. Nusu ya mwezi wa wastani ni siku 14, saa 18 na dakika 22. Pungufu ya saa 16 na nusu. Aliyeanzia giza lile, kama nilivyofanya, ameanza na wakati usio wa kawaida, na kila mwezi uliofuata ulikuwa unamlipisha.

Kwa kuwa mpevu na giza hupotoka kwa kupishana, vichukue vyote viwili na ukae katikati. Mpevu wa 7 Septemba saa 3:09 usiku, ongeza nusu mwezi ya wastani, unafika 22 Septemba saa 9:31 alasiri. Giza lenyewe lilikuja 21 Septemba saa 4:54 usiku. Katikati yake ni 22 Septemba saa 1:12 asubuhi. Hapo ndipo pa kuhesabia sifuri. Haiondoi kila kitu, sehemu inayotokana na jua hubaki, kama saa nne, lakini sehemu kubwa inayotokana na umbali wa mwezi inafutika.

Jioni iliyo karibu zaidi na saa hiyo ni ya 22 Septemba, si ya 21. Kwa hiyo gurudumu lote lilikuwa mbele jino moja toka mwanzo. Nimeinua ulimi kwa bisibisi, nimerudisha jino moja, nimefunga. Ukirudia hesabu ya 17 Februari kwa mpangilio mpya, gurudumu lingesema nusu siku, kweli ikiwa saa 3 na dakika 40. Chini ya jino moja, na kifaa kinachosukumwa mara moja kwa siku hakiwezi kudai zaidi.

Alama nyekundu nimezirefusha nusu jino kila upande, kwa rangi hafifu, ili mtu ajue ukingo wake si ukuta.

18 Aprili 2026: majaribio mawili, na gharama

Giza la 19 Machi lilikuwa saa 10:23 alfajiri. Jioni ya 18 gurudumu lilionyesha sifuri kamili, saa kumi kabla ya wakati. Giza la jana, 17 Aprili, lilikuwa saa 8:52 mchana. Magharibi gurudumu lilisema nusu siku, kweli saa tatu na nusu. Yote mawili yamo ndani ya nusu jino. Shangazi amepanga kushuka kufunga mbegu kwa kufuata alama, na hajalalamikia rangi.

Kuanzia sasa miezi inafupika: wa kuishia 16 Mei una siku 29 na saa 8, miwili inayofuata haifiki saa 7 juu ya 29. Asishangae mtu gurudumu likionekana kuchelewa kidogo kufikia Agosti. Lisirekebishwe kwa hilo. Kipimo kizuri kinachofuata ni 28 Agosti, mwezi utakapoanza kupatwa kama saa 11 na nusu alfajiri ukiwa unakaribia kuzama upande wa bara.

Gharama: kipande cha plaiwudi 7,000, vanishi 6,000, ubao wa kukatia mboga 12,000, bolti, nati, washa na skrubu 2,500, rangi vikopo vitatu 9,000. Mfenesi na springi ya kalamu havikununuliwa. Jumla shilingi 36,500. Anayeanza upya aingie moja kwa moja kwenye plastiki, atumie plaiwudi kwa diski ya picha na ubao wa mbele pekee, na vanishi kidogo itamtosha.

Nyuma ya gurudumu, chini ya namba za meno, nimeandika kwa kalamu isiyofutika: katikati ya Mei 2028, jioni moja msisukume.